Filta ya Simu ya Chumbani

Mume wangu alipofariki, mtoto wetu alikuwa Uturuki, mwaka wa pili wa masomo yake ya uhandisi, na hakuweza kuwahi kuzika. Kwetu maiti haisubiri. Tulizika siku ileile baada ya sala ya alasiri, na yeye aliyaona mazishi ya baba yake kwenye picha chache alizotumiwa na binamu yake kwa simu. Nilizitazama picha hizo baadaye. Zilikuwa zimejaa migongo ya watu, kanzu na kofia. Kaburi lenyewe halikuonekana.

Watu wakiniuliza siku zile zilikuwaje, huwa sina la kuwaeleza. Sikulia kama nilivyotarajia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaweza hata kuunyanyua kwa mkono wa pili, lakini ukiufinya hausikii. Walikuja majirani, walimu wenzangu wa sekondari, ndugu wa mume kutoka Mtawanya na Mahege. Mimi si mwenyeji wa huku, ni mtu wa Kondoa, nililetwa Kibiti na barua ya kupangiwa kazi, nikaolewa, nikabaki. Wanawake waliokaa nami mkekani walizungumza Kindengereko chao, nami nilielewa neno moja na kuyapoteza matatu. Siku zile hali hiyo haikunisumbua. Hata Kiswahili nilikuwa nakisikia kwa mbali.

Hitma ilipokwisha watu walitawanyika. Nikabaki mimi ndani ya eda, na mama mkwe ambaye alisema hatarudi Mtawanya kwanza, atakaa nami mpaka niwe sawa. Sikujua kuwa sawa kutaonekanaje, lakini nilimshukuru.

Nyumba yetu ipo bondeni kidogo, nje ya mji wa Kibiti, ukiiacha lami unaingia kwenye mikorosho. Simu ya mkononi ukiwa uani inashika vizuri tu kwa maongezi na ujumbe, ila ukitaka kuongea huku mnaonana, picha inaganda, midomo inabaki wazi. Kwa hiyo tulikuwa na kitu ambacho nyumba nyingi zimeshakisahau: simu ya waya. Mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi. Laini ile aliivuta zamani kwa ajili ya kazi, na kampuni ya simu ilipoanza kupitisha intaneti kwenye waya huohuo wa shaba, alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuomba. Ramani zake zilikuwa nzito, hazikukubali kwenda kwa simu ya mkononi. Basi sebuleni kulikuwa na simu nyeusi ya mezani yenye waya uliojisokota, na pembeni yake modemu, kisanduku chenye taa za kijani. Mimi nilichojua ni kwamba taa zikiwaka, intaneti ipo. Mengine yote aliyajua yeye.

Mtoto alianza kunipigia kila siku baada ya alasiri, kwenye kompyuta ya baba yake. Nilikuwa naiweka mezani, navaa mtandio wangu mweupe vizuri, nakaa. Uso wake ulitokea umechoka, nyuma yake kitanda cha bweni na dirisha lisiloonyesha kitu. Tulisalimiana. Aliniuliza nimekula nini. Nilimjibu nimekula, hata kama sikukumbuka.

Siku moja aliniuliza, "Mama, baba alisema nini mwishoni?"

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, simu ya mezani ikaita. Mama mkwe alikuwa karibu, akanyanyua mkono wa simu. "Haloo? Ee, Mungu amrehemu." Alikuwa mtu wa kutoa pole. Nilipogeuka kwenye kompyuta, mtoto alikuwa ameganda, jicho moja limefumba. Kisha akapotea. Taa moja ya modemu ilikuwa inapepesa.

Alipopata tena laini, nilikuwa jikoni. Hakurudia swali siku ile.

Alirudia siku nyingine. "Mama, sijakuuliza vizuri ile siku. Ulikuwa naye wewe. Alisema nini?"

"Alikuwa amechoka sana, mwanangu," nilisema.

"Najua. Lakini alisema nini?"

Simu ya mezani ikaita tena, mama mkwe akapokea, na mtoto akakatika katikati ya kupepesa macho.

Nikisema kwamba niliumia, nitakuwa naongeza chumvi. Nilikaa nikitazama kioo cheusi na sura yangu ndani yake. Nilihisi kama mtu aliyeitwa ubaoni, kengele ikalia kabla hajaandika. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuchagua mchele.

Ikawa ndiyo hali. Simu za pole zilikuwa hazijaisha, maana wazee wengi waliofanya kazi na mume wangu walikuwa na namba ile ya zamani ya nyumbani na hawakuwa na nyingine. Kila ilipoita mtoto alikatika, na kila alipokatika ilikuwa kwenye swali lilelile, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Siku moja nilikuta ujumbe wake kwenye simu ya mkononi: "Mama, kama hutaki kuniambia, sema tu hutaki. Usiwe unakata."

Niliusoma nikiwa nimesimama uani. Niliusoma tena. Nikamwandikia, "Sikati mimi, ni mtandao." Akajibu, "Sawa mama." Mwalimu wa miaka mingi anaijua "sawa" ya mtoto ambaye hajaamini. Nilijua nilipaswa kusikia kitu kifuani. Nilisubiri kije. Hakikuja, ila niliingia ndani nikakaa mbele ya modemu, nikaanza kuitazama kama ninavyotazama daftari la mwanafunzi ambaye sijui amekosea wapi.

"Mama," nilimwita mama mkwe, "naomba uinue huo mkono wa simu."

"Nampigia nani?"

"Hupigi mtu. Inua tu."

Aliinua. Taa iliyokuwa imetulia ikaanza kupepesa, kisha ikazimika. Alipourudisha mkono wa simu, taa ilipepesa kwa muda, ikakaa. Nikamwambia ainue tena. Ikazimika tena.

"Basi hii simu ndiyo mchawi," alisema.

"Inaonekana."

"Na mie husikia inafoka. Mtu anaongea, nyuma yake shiii, kama mtu anakaanga dagaa. Nikadhani masikio yangu."

Zamani haikuwa hivyo. Mume wangu alikuwa akiongea na simu saa nzima huku akituma ramani zake, na sikumbuki kumsikia akilalamika. Nikapiga simu kampuni ya simu kwa simu yangu ya mkononi nikiwa uani, nikazungushwa kwa watu kadhaa, mwishowe nikaahidiwa fundi.

Fundi alikuja baada ya siku kadhaa, kwa bodaboda, na alikuwa mwanamke. Nilishukuru, kwa sababu ya eda. Alikuwa mtu wa Mbeya, mnene kidogo, amevaa suruali ya kazi na kitambaa kichwani, na begi la vifaa begani. Kabla ya chochote alivua viatu mlangoni akasema, "Pole sana mwalimu. Nimesikia njiani." Kumbe dereva wa bodaboda alimwambia.

Mama mkwe siku ile hakuwepo, alikuwa amealikwa kisomo nyumba ya pili. Nilimwonyesha fundi modemu na simu, nikainua mkono wa simu mwenyewe ili aone taa inavyozimika. Aliangalia mara moja, akapiga magoti akafuata waya hadi ukutani.

"Mwalimu, hapa palikuwa na splita?"

"Sijui splita ni nini."

"Kiboksi cheupe. Waya wa ukutani unaingia upande mmoja, upande wa pili kina matundu mawili, moja la modemu, moja la simu."

"Si hicho hapo?" Ukutani kulikuwa na kitu cheupe chenye matundu mawili, na nyaya zote mbili zilikuwa zimechomekwa.

Alikichomoa akanipa. Kilikuwa chepesi kama kifuniko cha kalamu. "Hii ni pacha tu. Inagawa waya, basi. Ndani haina kitu. Splita ina filta ndani."

Aliona sijaelewa, akaketi kwenye zulia, akaeleza. Waya ni mmoja lakini umebeba vitu viwili. Sauti ya mtu inapita chini, intaneti inapita juu kabisa, masikio hayaifikii. Filta kazi yake ni kuipa simu ile sauti ya chini peke yake. Simu isipokuwa na filta, mtu akiinua tu mkono wake, inauvuruga waya mzima na modemu inapoteza laini. Ikishapoteza, lazima ianze upya kuitafuta, ndiyo ile taa inapepesa. Na ile intaneti nayo inaingia kwenye simu, unasikia shiii.

"Kama dagaa," nilisema.

"Kama dagaa," alikubali. "Sasa nani amebadilisha?"

Nilitazama sebule. Nikakumbuka siku ya msiba: viti vilitolewa nje, kabati likasogezwa, kila kitu kikachomolewa ili mikeka itandikwe ukuta hadi ukuta. Baadaye vijana wa mtaani walirudisha vyombo. Kila mtu alirudisha alichoweza, mahali alipokumbuka. Splita ingeweza kuwa imefagiwa pamoja na maganda ya ndizi. Pacha lile huenda lilitoka kwenye droo ya vikorokoro vya mume wangu. Aliyelichomeka aliona matundu mawili na nyaya mbili, akaona yametosha. Hata mimi ningefanya hivyo.

"Ni wakati wa msiba," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, hakuuliza tena. Akatoa splita mpya begini, akaichomeka ukutani, modemu kwenye tundu lake na simu kwenye lake. "Usibadilishe matundu. Modemu ukiiweka kwenye tundu la simu, haipati kitu." Alisubiri taa itulie, akainua mkono wa simu. Taa ilibaki imetulia. Aliniwekea mkono wa simu sikioni. Mlio wa simu ulikuwa safi, peke yake.

"Kuna simu nyingine ndani ya nyumba?" aliuliza huku akifunga begi. "Kila simu iliyo kwenye laini hii inatakiwa iwe na filta yake."

"Hapana," nilimjibu. "Ni hii tu."

Nililisema hilo kwa utulivu kabisa, na nilikuwa nalisadiki. Mlango wa chumba cha mwisho kwenye ujia ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa nalala chumba cha mtoto. Nilikuwa napita mbele ya mlango ule mara nyingi kwa siku, na macho yangu yalikuwa yanaupita kama ukuta.

Alinipa namba yake, akavaa viatu, akaondoka.

Jioni ile niliongea na mtoto, simu ya mezani ikaita, mama mkwe akapokea, na mtoto hakupotea. "Umeona?" nilimwambia. "Ilikuwa simu." Akacheka kidogo, akasema, "Pole mama, nilikuwa nakusingizia." Hakuuliza lile swali. Nadhani alikuwa anaona haya kuliuliza siku hiyohiyo.

Kesho yake aliliuliza. Alikuwa amejiandaa, nilimwona anavuta pumzi. "Mama, sasa mtandao upo. Niambie."

Nilifungua mdomo. Akaganda, akakatika.

Simu ya mezani ilikuwa mbele yangu, mkono wake umelala mahali pake. Hakuna aliyeigusa. Taa ya modemu ilikuwa inapepesa. Kimya. Na ndani ya kimya hicho nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka mwisho wa ujia, anaongea Kindengereko, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye mbali.

Nilikuwa nimezoea kumwona akiingia kule nyakati za jioni na kufunga mlango. Nilikuwa nikidhani anaswali, au analia, na vyote viwili nilimwachia. Nilisimama ujiani nikasikiliza. Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza jibu. Kisha akaendelea.

Ndipo nikaikumbuka ile simu. Mume wangu alipoanza kushindwa kutembea, alivuta waya kutoka ukutani sebuleni, au tuseme alimwelekeza mtu akavuta, akaweka simu ya pili kando ya kitanda ili asiamke kila inapoita. Simu ya rangi ya maziwa, yenye vitufe vikubwa. Nilikuwa nimeifuta vumbi mimi kwa mwaka mzima.

Sikutaka kuingia. Niligonga mlango wa chumba changu mwenyewe.

"Pita, mwanangu."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi katikati ya chumba, kama walivyokiacha waliomtoa. Godoro lilikuwa limeviringishwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye chaga, mahali palipobaki, mkono wa simu sikioni, waya umenyooka hadi ukutani. Alimwambia mtu wa upande wa pili asubiri, akaufunika mkono wa simu kwa kiganja.

"Naongea na dada yangu wa Mahege. Ile simu ya mkononi simsikii. Hii ina sauti, ila inafoka. Ya sebuleni mmeitengeneza, hii imebaki vilevile."

"Kwa nini huongelei sebuleni, mama?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Sebuleni kuna watu," alisema. Kisha akasema, "Hapa ndipo alipokuwa."

Nilibaki karibu na mlango. Chumba kilinuka dawa ya kupaka na udi, harufu ikiwa imeanza kuisha. Nilijitafuta kama ninatetemeka. Sikuwa natetemeka. Nilitazama ukuta nyuma ya kitanda, waya wa simu ukiingia moja kwa moja kwenye soketi, hauna kitu katikati.

Nilitoka uani nikampigia fundi.

"Dada, samahani. Simu nyingine ipo. Chumbani. Nilisahau."

Hakunilaumu. Aliniuliza imechomekwaje, nikamweleza. "Hiyo splita niliyoweka inachuja ya sebuleni tu," alisema. "Ya chumbani inachukua laini kabla ya kufika hapo, kwa hiyo inataka filta yake. Lazima ilikuwa nayo, maana marehemu alikuwa anatumia zote mbili. Tafuta kitu kidogo, kama kiberiti hivi, kina mkia mfupi wa waya wenye kichwa cha kuchomeka, na nyuma kina tundu. Usipokiona, nitakuletea nikipita huko. Ila kwanza uhakikishe. Ichomoe hiyo simu kabisa ukutani, ukae na intaneti. Isipokatika, ndiyo yenyewe."

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumuaga dada yake. Nilichomoa waya ukutani, nikaenda sebuleni, taa ilikuwa imetulia. Nikamwambia auchomeke na ainue. Ikazimika. Nikapiga kelele kutoka sebuleni, "Ndiyo yenyewe!" na sauti yangu ikanishangaza kwa ukubwa wake.

Kisha tukaanza kutafuta. Nilitazama chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu vyake. Nilikuwa nashika vitu vyake kwa mara ya kwanza tangu siku ile, shati, mkanda, miwani, nikiviinua na kuviweka kama navihesabia mtu mwingine. Mama mkwe alikaa akinitazama.

"Unatafuta nini hasa?"

"Kitu kama kiberiti. Cheupe. Kina mkia wa waya."

Alifikiri. "Kile cha mashine ya presha?"

"Mashine ya presha haina kitu kama hicho."

Aliinama, akavuta kikapu cha plastiki kilichokuwa chini ya meza ndogo. Ndani yake kulikuwa na dawa zote za mwanawe: pakiti zilizokatwa nusu, chupa ya dawa ya maji iliyoganda shingoni, kipimo cha sukari, mashine ya presha na mpira wake. Alipekua taratibu, akatoa kiboksi cheupe chenye mkia.

"Waliposogeza kitanda siku ile kilianguka," alisema. "Mwanamke mmoja akauliza hiki cha nini. Nikasema cha mgonjwa. Waya wa simu nikaurudisha ukutani, hiki nikakiweka na vyake." Alikishika kiganjani. "Sikutaka kitu chake kipotee."

Nilikaa kando yake kwenye chaga. Nilikuwa na kiboksi mkononi, kimeandikwa maandishi madogo ambayo hayasomeki, na mama wa mume wangu alikuwa amekaa nami bega kwa bega. Nilitaka kumuuliza kitu kwa muda mrefu, nikamuuliza.

"Huwa unamwambia nini dada yako kila siku?"

"Namsimulia alivyokuwa mdogo. Yeye ndiye alimlea nilipokuwa naumwa. Anasahau, namkumbusha. Mie nasahau, ananikumbusha."

Nilichomeka filta kwenye soketi, na waya wa simu kwenye tundu la filta. Mama mkwe alibonyeza vitufe vikubwa kimoja kimoja, akisogeza uso karibu. Nilisubiri mpaka dada yake apokee.

"Unanisikia?" aliuliza kwa Kiswahili, akasikiliza. Uso wake ulibadilika. "Ee! Hebu sema tena." Akaniangalia akitabasamu kwa meno yaliyobaki. "Kimya kabisa. Nasikia mpaka kuku wake."

Nilienda sebuleni. Taa ilikuwa imetulia na ikaendelea kutulia. Nikafungua kompyuta, mimi ndiye niliyempigia mtoto. Alikuwa ameshakata tamaa, alipokea akiwa anakula mkate.

"Mama? Nilijua imeisha leo."

"Haikatiki tena. Bibi yako anaongea chumbani sasa hivi, msikilize."

Sauti ya bibi yake ilifika mpaka sebuleni, ikapanda na kushuka, na mahali fulani akacheka. Mtoto aliuweka mkate chini.

Sasa hapakuwa na kitu cha kunisaidia. Nilitazama modemu, nikatazama simu nyeusi. Hakuna aliyepiga.

"Uliniuliza baba alisema nini," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Nimekuwa natafuta kitu kizuri cha kukuambia. Sina. Hakutoa wasia. Hakukutaja wewe, hakunitaja mimi. Asubuhi ile nilimletea uji. Alionja kijiko kimoja akasema ni wa moto. Nikasema naupoza. Nikawa naukoroga. Nilipoinua kichwa alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikaendelea kukoroga."

Hakunijibu. Nilidhani ameganda, kwa mazoea, nikainama kutazama taa. Zote zilikuwa zimetulia. Nilipotazama tena kwenye kioo niliona kwamba analia, na nilikuwa namwona vizuri, chozi moja moja, jinsi linavyofika kwenye kidevu na yeye anavyolifuta kwa kiganja chote kama alipokuwa wa chekechea. Sikuwahi kumwona mtu mzima analia hivyo karibu na uso wangu bila mimi kuweza kumgusa.

Nilisubiri nilie na mimi. Nilisubiri kwa kweli, nilijiweka tayari, nikavuta mtandio. Hakuna kilichotoka. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza, na nilikuwa nausikia ule ukingo, mgumu, umechongwa vibaya upande mmoja, na nilikuwa sijausikia kabla.

"Samahani," nilisema. "Najua ulitaka kitu kingine."

Alitikisa kichwa. Alijipenga pua, akanywa maji, akakaa vizuri. Kutoka chumbani bibi yake alikuwa anaaga, "Haya, haya, kesho Inshallah," halafu mkono wa simu ukarudishwa mahali pake.

"Mama," alisema mtoto. "Ulikuwa uji wa nini?"

"Wa ulezi."

"Uliweka ndimu?"

"Niliweka."

Alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeandika. "Alikuwa anaupenda na ndimu," alisema. Akaendelea kukaa hapo, nami nikaendelea kukaa, hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata.